Chati ya Gantt Ichore na Muda wa Kusubiri

Andiko la mradi la kurasa arobaini husomwa na mfadhili kwa mafungu. Anafungua bajeti, anafungua ukurasa wa ratiba, kisha anarudi kwenye maelezo kutafuta kama vitu hivyo viwili vinasema jambo moja. Ukurasa wa ratiba ndio unaoonyesha upesi zaidi kama mwandishi amewahi kuisimamia kazi anayoiombea fedha. Chati nyingi ninazoletewa kuzipitia zina ugonjwa mmoja: zimejaa pau za kazi, kila upau ukianza pale uliotangulia ulipoishia, na hakuna hata mmoja unaoonyesha watu wakisubiri. Hakuna anayesubiri kibali, maabara, zege wala mvua ipite. Chati ya namna hiyo huwa nadhifu, lakini mtu wa ugani akiitazama anajua kwamba haitatimia.

Nitachukua mradi mmoja niuchambue mwanzo hadi mwisho: kisima kirefu cha maji kwa kijiji cha watu 2,000 mkoani Dodoma, chenye pampu ya sola, tangi la zege la lita 50,000 na bomba hadi kwenye vituo vya kuchotea. Ukubwa wa tangi una sababu yake. Sera ya Maji ya Tanzania ya mwaka 2002 ililenga kila mwananchi wa kijijini apate lita 25 kwa siku, na watu 2,000 mara lita 25 ni lita 50,000. Jua likisukuma pampu kwa nguvu kwa saa sita hivi kwa siku, kisima lazima kitoe si chini ya lita 8,300 kwa saa. Namba hiyo iwekwe akilini, maana itarudi kwenye chati.

Kabla ya kugusa kompyuta, andika shughuli zote kwenye karatasi, kila moja na muda wake, na mbele yake uandike ni shughuli ipi lazima iishe kwanza. Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi. Chati yenyewe haikulazimishi kuifanya, kwa sababu upau unaonyesha kazi inaanza lini na kuisha lini bila kusema kwa nini isianze mapema zaidi. Pau alizozieneza Henry Gantt kule Marekani mwanzoni mwa karne ya 20 zilikuwa za kulinganisha kazi iliyopangwa na iliyofanyika kiwandani. Kwenye andiko la mradi, ambako hakuna kilichofanyika bado, lazima sababu uzijue wewe kabla hujachora.

Kwa mradi wetu nahesabu kwa nusu mwezi. Mkutano wa kijiji na makubaliano ya eneo ni nusu mwezi. Utafiti wa maji chini ya ardhi ni nusu nyingine. Utafiti ukitaja mahali na kina, mambo mawili yanaanza kwa pamoja: kuomba kibali cha kuchimba kwenye bodi ya maji ya bonde, ambacho nimekipa mwezi mmoja, na zabuni ya kumpata mchimbaji, ambayo nimeipa mwezi mmoja na nusu. Kuchimba kwenyewe ni siku chache, lakini pamoja na mtambo kufika, kuweka mabomba ya kisima na kukisafisha, ni nusu mwezi. Kupima wingi wa maji, yaani kupampu mfululizo kwa saa 24 na kisha kuangalia jinsi maji yanavyorudi kisimani, kunachukua nusu mwezi pamoja na kuandika ripoti. Sampuli ikienda maabara nasubiri mwezi mmoja, na ndani ya mwezi huohuo mhandisi anakamilisha usanifu wa tangi na kuchagua pampu, kwa sababu sasa anajua kisima kinatoa kiasi gani. Zabuni ya ujenzi ni mwezi mmoja na nusu. Kujenga tangi ni mwezi mmoja, zege likomae mwezi mmoja, kufunga pampu nusu mwezi, majaribio na makabidhiano nusu mwezi.

Jumlisha kwa kufuata njia ndefu kuliko zote, ukiacha zinazokwenda sambamba, na utapata vipindi 18 vya nusu mwezi, yaani miezi tisa. Wengi huishia hapo. Wanaandika miezi tisa, au kumi kwa tahadhari, wanaanza Julai kwa sababu mwaka wa fedha unaanza Julai, na wanachora.

Sasa weka kalenda ya Dodoma juu ya hesabu hiyo. Mvua zinaanza Desemba na kumalizika Aprili. Katika miezi hiyo lori la kokoto na mtambo wa kuchimba havipiti kwenye udongo mweusi wa mbuga, na shimo la msingi linageuka dimbwi. Ukianza tarehe 1 Julai, uchimbaji unaangukia nusu ya pili ya Septemba, mahali pazuri. Lakini zabuni ya ujenzi inaisha tarehe 31 Desemba, na mkandarasi anapokuwa tayari kumwaga zege, barabara imefungwa. Anasubiri miezi minne. Tangi linajengwa Mei, linakomaa Juni, pampu inafungwa mwanzoni mwa Julai, makabidhiano ni mwisho wa Julai. Mradi wa miezi tisa umekuwa wa miezi 13, na hakuna aliyezembea.

Ukiuanza mradi uleule tarehe 1 Aprili, unaisha tarehe 31 Desemba. Kazi ni zilezile na watu ni walewale, tofauti ya miezi minne imeletwa na tarehe ya kuanza tu. Mpango wa Aprili unavutia, na kama una uhuru wa kuchagua tarehe mtu atakushawishi uuchague. Mimi nasita. Katika mpango huo kila shughuli inaisukuma inayofuata bila nafasi. Kisima cha kwanza kikikosa maji, kuchimba na kupima mara ya pili kunakula mwezi mmoja, na tangi lililokuwa la Oktoba linahamia Novemba. Zabuni nayo ikichelewa wiki mbili juu ya hapo, zege linakutana na mvua za kwanza, ujenzi unaahirishwa hadi Mei, na sasa unamwandikia mfadhili barua ya kuomba muda.

Mpango wa Julai unaonekana mrefu, lakini uichunguze ile miezi minne ya mvua. Kila kilichotangulia kina nafasi ya kuteleza ndani yake. Kisima kikikosa maji Septemba, unachimba cha pili Oktoba, mvua bado ziko mbali, na tarehe ya makabidhiano haisogei hata siku moja. Pampu na paneli za sola zinazotoka nje ya nchi zinakuja katika kipindi hicho, na zikikwama bandarini mwezi mzima hazimcheleweshi mtu. Sehemu isiyo na uvumilivu inaanza tarehe 1 Mei: tangi, zege, pampu, majaribio. Hapo kila wiki inayopotea inasogeza mwisho. Kwa hiyo mwezi wa akiba unawekwa Agosti, baada ya makabidhiano yaliyopangwa, wala haugawanywi siku tatu tatu kwenye kila upau. Andiko linaombwa kwa miezi 14.

Katika njia ndefu ya mpango wa Julai, vipindi 26 vya nusu mwezi, ni vipindi vinane tu ambavyo mtu ameshika chombo au yuko mbele ya wananchi, nikihesabu usanifu ndani ya muda wa maabara. Hiyo ni miezi minne. Miezi tisa inayobaki ni ya zabuni, maabara, mvua na zege. Chati isiyoionyesha hiyo tisa inaonyesha chini ya theluthi moja ya mradi.

Tuje kwenye karatasi. A4 iliyolazwa ina upana wa milimita 297. Ukiacha pambizo za milimita 15 kila upande unabaki na 267. Safu ya majina ya shughuli ipe milimita 85, mhusika 24, muda 18, jumla 127. Zinabaki 140 za kalenda. Miezi 14 ukiigawa kwa nusu mwezi ni safu 28 za milimita tano kila moja, na upau wa milimita tano unaonekana hata baada ya kutolewa nakala. Ukiigawa kwa wiki unapata safu zaidi ya 60 za milimita mbili na kidogo, na hapo ndipo watu huanza kubandika karatasi ya pili. Kipimo cha wiki ni cha msimamizi wa eneo la ujenzi. Msomaji wa andiko anataka kujua mwezi, na nusu ya mwezi inamtosha.

Kwa kimo hesabu ni ileile. Milimita 210, ondoa pambizo 30, ondoa 40 za kichwa cha chati, majina ya miezi na ufunguo wa alama, zinabaki 140. Mistari ya milimita sita sita inapata 23. Mradi wetu una awamu nne na shughuli 15, jumla mistari 19. Mradi wako ukiwa na shughuli 40, nyingi ni vipande vya shughuli nyingine. “Kununua saruji” na “kusafirisha saruji” si mistari ya chati ya andiko, zote zimo ndani ya kujenga tangi. Kipimo changu ni hiki: mstari unabaki kama una mhusika wake tofauti, au kama kuchelewa kwake kunazuia kitu kingine. Ndiyo maana zege kukomaa kuna mstari wake ingawa hakuna mtu anayefanya kazi zaidi ya kumwagilia maji. Zege hupimwa nguvu zake likiwa na siku 28, na tangi likijazwa kabla halijakomaa, nyufa utaziona baada ya makabidhiano.

Kwenye Excel, weka jina la shughuli safu ya A, mhusika B, muda C, tarehe ya kuanza D, tarehe ya mwisho E, na F iwe aina: K kwa kazi, S kwa kusubiri. Mstari wa nne, kuanzia G hadi AH, uwe na tarehe 1 na tarehe 16 za kila mwezi. Chagua G5:AH23, nenda `Conditional Formatting`, kisha `New Rule`, halafu `Use a formula to determine which cells to format`, na uweke kanuni hizi tatu, moja moja, ukianza na ya chini na kumalizia na ya juu, ili zikae kwenye orodha kwa mfuatano huu:

```
=AND(G$4>=$D5,G$4<=$E5,$F5="K")
=AND(G$4>=$D5,G$4<=$E5,$F5="S")
=OR(MONTH(G$4)=12,MONTH(G$4)<=4)
```

Ya kwanza ipe rangi nyeusi, ya pili mistari ya mshazari, ya tatu kijivu chepesi. Ya tatu inashusha utepe wa mvua kutoka juu hadi chini ya chati, Desemba hadi Aprili, na msomaji anaona mara moja kwa nini katikati ya ukurasa hakuna cheusi. Usitegemee nyekundu na kijani. Andiko litatolewa nakala kwa mashine ya nyeusi na nyeupe kabla halijafika kwa mtu anayeamua, na rangi hizo mbili zitakuwa kijivu kimoja. Kabla ya kuchapa ficha safu za D, E na F, weka `Landscape`, na uagize ukurasa mmoja kwa upana na mmoja kwa urefu. Herufi zikishuka chini ya ukubwa wa nane, usizipunguze zaidi. Rudi ukafute mistari.

Awamu zinapata mistari yao ya vichwa: maandalizi na vibali, Julai hadi katikati ya Septemba; uchimbaji na uthibitisho, hadi katikati ya Novemba; usanifu na ununuzi, unaoanza katikati ya Oktoba na kuendelea ndani ya mvua hadi Aprili; ujenzi na makabidhiano, Mei hadi Julai. Awamu ya pili na ya tatu zinapishana mwezi mmoja, na ziachwe zipishane. Wapo wanaolazimisha awamu zifuatane bila kugusana ili chati ionekane kama ngazi, na kwa kufanya hivyo wanauongezea mradi mwezi mzima ambao hauhitaji.

Hatua kuu, zile zinazochorwa kwa alama ya almasi, ndizo zinazohitaji ukali zaidi. Hatua kuu haina muda. Ni siku ambayo jambo limekwisha na kuna karatasi ya kulithibitisha. Shughuli naziandika “kuchimba kisima”, “kufunga pampu”; hatua kuu naziandika kwa lililokamilika, pamoja na kipimo. “Uchimbaji” si hatua kuu. “Kisima kimetoa lita 8,300 kwa saa kwa saa 24, ripoti imesainiwa, 15 Oktoba” ni hatua kuu, na msomaji akitaka kujua namba hiyo imetoka wapi, anairudisha kwenye watu 2,000 na lita 25.

Hatua inayofuata ni ya ubora wa maji, 15 Novemba, na nisingeiunganisha na ile ya wingi. Maji yanaporuka juu kijiji kizima kinashangilia, na ni rahisi kuweka almasi siku hiyo. Lakini maeneo ya kati ya Tanzania yana floraidi katika maji ya chini ya ardhi, na floraidi haionekani kwa macho wala haionjeki. Shirika la Afya Duniani linapendekeza isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Kisima kinaweza kupita mtihani wa wingi Oktoba kikaanguka mtihani wa floraidi Novemba, na ukiwa umeshatoa kandarasi ya tangi katikati ya hapo, una tangi la maji ambayo watoto hawapaswi kunywa. Almasi mbili, zabuni ya ujenzi ikianza baada ya ya pili: hilo ndilo linalomwambia mfadhili kwamba fedha za zege hazitatoka kabla maji hayajathibitishwa. Zinazobaki ni tatu: mkataba wa ujenzi umesainiwa, 31 Desemba, tangi limejazwa na halivuji, mwanzoni mwa Julai, mradi umekabidhiwa kwa chombo cha watumia maji, 31 Julai. Ukiongeza ya kwanza kabisa, kibali na mkataba wa mchimbaji mkononi, 15 Septemba, unapata sita. Nyingi kuliko hizo kwa mradi wa kisima kimoja ni mapambo. Almasi hizi zikae kwenye mistari ya vichwa vya awamu, wala usizipe mistari yao.

Kuna mgongano mmoja ambao utepe wa mvua hauuonyeshi. Maandiko mengi ya maji huhesabu nguvu kazi ya wananchi kama mchango wa kijiji, hasa kuchimba mitaro ya bomba. Mei na Juni Dodoma ni wakati wa kuvuna uwele na mtama. Ukiweka upau wa mitaro mwezi Mei, mhusika akiwa “wananchi”, umewapangia kazi siku ambazo wako shambani. Kuichimba Novemba hakusaidii, mvua zitaijaza udongo. Mimi ningeiweka Juni yote, wakati zege linakomaa na mkandarasi hana haraka, bomba lilazwe mwanzoni mwa Julai pampu inapofungwa, na kwa kuwa mavuno hayajaisha, nusu ya mitaro ihesabiwe vibarua wa kulipwa kwenye bajeti. Safu ya mhusika ina kazi gani kama si hiyo? Mafunzo ya chombo cha watumia maji nayo yaende Julai, baada ya mavuno, pampu ikiwepo ya kujifunzia.

Wapo wafadhili wasiotoa zaidi ya miezi 12. Usizibane pau zote kidogo kidogo ili zitoshe. Tafuta ni kusubiri kupi kunaweza kuondolewa kweli. Mvua haiondoki. Zege la tangi linaweza: badala yake weka matangi matano ya plastiki ya lita 10,000 juu ya jukwaa la chuma. Msingi wa jukwaa Mei mwanzoni, jukwaa na matangi Mei mwishoni, pampu na bomba Juni mwanzoni, majaribio na makabidhiano Juni mwishoni, na mradi unaisha tarehe 30 Juni. Mitaro hapo inaangukia mavuno moja kwa moja, kwa hiyo yote ni ya vibarua, na mwezi wa akiba haupo. Mambo hayo mawili yaandikwe kwenye andiko waziwazi.

Lipo swali la mwisho kuhusu kichwa cha kalenda: uandike “Mwezi wa 1, Mwezi wa 2”, au Julai, Agosti? Mwongozo wa mfadhili ukitaka namba, weka namba, lakini chini yake weka majina ya miezi. Namba peke yake zinadai kwamba mradi unaweza kuanza wakati wowote na kuchukua muda uleule, na kwa Dodoma hilo si kweli. Mkataba wa fedha ukisainiwa 1 Septemba badala ya 1 Julai, uchimbaji unahamia nusu ya pili ya Novemba, kabla tu ya mvua, zabuni ya ujenzi inaisha Februari, na makabidhiano yanabaki 31 Julai, ila nafasi ya kuchimba kisima cha pili imepotea. Ukisainiwa 1 Oktoba, mtambo unapaswa kuingia kijijini mwishoni mwa Desemba na hauwezi. Uchimbaji unasubiri hadi Mei, na ukizipanga pau upya makabidhiano yanaangukia 15 Novemba. Kuchelewa mwezi mmoja kati ya Septemba na Oktoba kunagharimu miezi mitatu na nusu. Chini ya chati, kwa herufi ndogo, kuna nafasi ya mstari mmoja, na mimi ningeutumia kuandika tarehe hiyo: mkataba usainiwe si baada ya 1 Septemba, vinginevyo makabidhiano ni katikati ya Novemba.